Kesha Ijumaa, mkutano Jumamosi, ibada tatu Jumapili: namna ya kuilinda sauti ifike mwisho

Tumchukue mtumishi mmoja aliyealikwa Mwanza. Ijumaa usiku ana kesha, kuanzia saa 3 hadi saa 10 alfajiri. Jumamosi alasiri ana mkutano wa injili kijijini nje ya mji, uwanja wa vumbi, anahubiri Kiswahili na mkalimani anageuza Kisukuma. Jumapili anarudi mjini kwa ibada tatu: saa 1, saa 3 na saa 5. Yeye mwenyewe ni mwimbaji, kwa hiyo wenyeji wanategemea pia aongoze sifa. Wengi wanaopewa ratiba ya namna hii hufika ibada ya pili ya Jumapili wakiwa wanakwaruza, na ya tatu wanaimaliza kwa kupumua tu ndani ya maiki. Yafuatayo nawafundisha wanakwaya wangu, na wahubiri wanaokubali kukaa darasani na wanakwaya.

Kwanza jua kinachochoka. Kooni kuna mikunjo miwili midogo tunayoiita nyuzi za sauti. Mwanamume akizungumza kawaida hugongana kama mara 100 hadi 130 kwa kila sekunde ya sauti, na mwanamke kama mara 200. Ukiimba juu zaidi mara huongezeka, ukipaza zaidi kishindo cha kila mgongano huongezeka. Ni kama viganja: piga makofi kwenye pambio moja hakuna neno, piga usiku kucha kwa nguvu na asubuhi vimevimba na kuwaka. Nyuzi zikivimba huwa nzito, hazikutani sawasawa, hewa inapenya, na mwenye sauti husukuma zaidi ili asikike. Huko kusukuma ndiko kunakoharibu. Uvimbe wa siku moja kwa kawaida hushuka wenyewe ukipewa muda. Shida ya wikendi kama hii ni kwamba muda wenyewe haupo, kwa hiyo hesabu inaanza kabla hujapanda gari.

Hatua ya 1: Hesabu dakika za sauti, si idadi ya ibada

Jumatano chukua karatasi, andika dakika ambazo wewe mwenyewe utatoa sauti kubwa. Kwa mtumishi wetu: kesha lina sifa dakika 40, mahubiri 60, maombezi 45. Jumla 145. Jumamosi mahubiri ni dakika 50, lakini nusu ni za mkalimani, kwa hiyo weka 25, na maombezi 30. Jumla 55. Jumapili ni mahubiri ya dakika 40 mara tatu, na maombezi ya dakika 15 mara tatu. Jumla 165. Wikendi nzima inakuwa dakika 365, zaidi ya saa sita.

Sasa tazama maombezi peke yake: dakika 120, theluthi nzima ya mzigo. Tena ndizo dakika mbaya kuliko zote, maana huja mwisho, koo likiwa limeshachoka, watu wanalia, kinanda kinapanda, na mtu anakemea kwa kunguruma. Nimesikia sauti nyingi zikikatika, na karibu zote zilikatika hapo, si kwenye mahubiri. Mhubiri akishuka huku amekauka watu husema amehubiri mno. Ukweli ni kwamba amekemea mno.

Kwa hiyo punguza hapo kwanza. Omba kwa sauti ya mazungumzo, mdomo karibu na maiki, dakika 10 Ijumaa, 10 Jumamosi na 5 kwa kila ibada ya Jumapili, kisha waachie waombaji wa kanisa waendelee. Hizo ni dakika 35 badala ya 120. Sifa za kesha ziongozwe na wenyeji, wewe imba wimbo mmoja wa dakika 5. Mahubiri ya Jumapili yawe dakika 30 badala ya 40. Jumlisha upya: Ijumaa 75, Jumamosi 35, Jumapili 105. Jumla 215. Umeokoa dakika 150 na hakuna ibada uliyoifuta.

Piga simu kwa mwenyeji siku hiyohiyo ya Jumatano. Ukisubiri kumwambia ukiwa madhabahuni, ratiba itakushinda, na mchungaji atadhani unamdharau. Sema kwa heshima, na mapema: "Mchungaji, naomba waombaji wako wawe tayari, nitaanza nao kisha nitawaachia." Sijaona aliyekataa.

Hatua ya 2: Maji yaanze Alhamisi

Maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti hata tone. Yanashuka kwenye umio, na nyuzi ziko kwenye njia ya hewa. Tone likikosea njia unapaliwa na kukohoa. Kwa hiyo funda la maji madhabahuni hulainisha kinywa na koo la juu tu. Nyuzi hupata unyevu wake kupitia damu, na maji huchukua muda kufika huko. Chupa ya lita moja na nusu uliyoimaliza nusu saa kabla ya ibada itakupeleka msalani katikati ya mahubiri, basi.

Kunywa glasi moja kila baada ya saa moja au mbili tangu Alhamisi asubuhi, ufikishe kama lita 2 hadi 2 na nusu kwa siku, na zaidi kidogo siku ya uwanjani ukitoka jasho jingi. Usishindane na idadi ya lita, tazama mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu uko sawa, ukiwa na rangi ya chai ya rangi umechelewa. Na usimwage lita kadhaa tumboni kwa mkupuo. Kunywa maji kupita kiasi kwa muda mfupi hushusha chumvi ya damu, na hilo ni hatari kweli. Baada ya mkutano wa juani, maji pamoja na chakula chenye chumvi kidogo, supu kwa mfano, hukaa mwilini vizuri kuliko maji matupu.

Mfungo unahitaji maamuzi. Kufunga chakula sauti hukuvumilia. Kufunga bila maji Ijumaa na Jumamosi, kisha kuhubiri mara tatu Jumapili, ni kuingia na nyuzi kavu zenye ute mzito, na kila dakika itagharimu zaidi. Funga mfungo mkavu wiki iliyotangulia, umalize Jumatano. Ukishaanza kuhubiri, kunywa.

Kuhusu vile vinywaji vya kwaya: tangawizi na asali kwenye maji ya uvuguvugu hutuliza koo, kunywa ukipenda, ila havigusi nyuzi kama ambavyo maji hayazigusi. Tangawizi kali na limau jingi tumboni huleta kiungulia kwa wengine. Yai bichi liache kabisa. Halisaidii sauti, na linaweza kukupa vijidudu vya kuharisha. Chai kikombe kimoja haina neno. Soda hujaza gesi, na mhubiri anayebeua kwenye maiki anajua mwenyewe.

Njia pekee ya unyevu kufika kwenye nyuzi moja kwa moja ni kuuvuta na hewa. Jifukize kwa mvuke wa maji matupu dakika 5 hadi 10, Ijumaa mchana na Jumamosi usiku. Nasema maji matupu kwa sababu nyungu ya majani makali na mafuta ya kunukia huwasha koo lililochoka. Weka sufuria mezani mahali imara, si mapajani, na usisogeze uso karibu sana.

Hatua ya 3: Pasha sauti kwa mrija

Kwaya nyingi hupasha sauti kwa kuimba nyimbo zote za siku hiyo, kwa nguvu, saa nzima kabla ya ibada. Hiyo ni ibada ya kwanza isiyoandikwa kwenye ratiba. Kupasha sauti kunahitaji dakika 12 hadi 15 za sauti ndogo, na kifaa chake ni chupa ya nusu lita yenye maji nusu na mrija wa kunywea soda.

Anza na mwili dakika mbili: zungusha mabega, inamisha kichwa pande zote taratibu, piga miayo ya kujitakia, kanda misuli ya taya kwa vidole. Kisha pumua hadi tumboni na utoe hewa kwa "sss" iliyo sawa, sekunde 15 hadi 20, mara nne.

Sasa tumbukiza mrija sentimita 2 au 3 ndani ya maji, ufunge midomo vizuri kuuzunguka, utoe sauti ya "uuu" kupitia mrija. Maji yatachemka viputo. Ziba pua kwa vidole: sauti ikikatika, ulikuwa unapitishia hewa puani, rekebisha. Panda taratibu kutoka sauti ya chini hadi ya juu bila kukaza, kisha shuka, kama king'ora cha mbali. Fanya hivyo dakika tano, ukipumzika kila ukiishiwa pumzi. Viputo vikitoka kwa mfululizo ulio sawa, pumzi yako imetulia. Vikiruka na kukatika, unasukuma.

Siri yake ni msukumo wa nyuma. Maji na uwembamba wa mrija hurudisha shinikizo kooni, nalo huzisaidia nyuzi kutetemeka bila kubamizana kwa nguvu. Zinapata mazoezi bila kishindo. Mtaalamu wa Marekani, Ingo Titze, ndiye aliyeieneza sana njia ya mrija kwa waimbaji wa leo, lakini Wafini walikuwa wakitumia mirija ya kioo ndani ya maji miongo mingi kabla yake. Ukikosa mrija, tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari, kwa mpando na mshuko uleule.

Malizia na "mmm" laini hadi usikie mtikisiko puani na mdomoni, kisha fungua: "ma me mi mo mu" kwa do re mi fa so fa mi re do, ukipanda nusu toni kila mzunguko, na uache palepale unapoanza kukaza. Mhubiri aongeze dakika mbili za kusoma zaburi: mistari ya kwanza kwa sauti ya mezani, inayofuata kwa sauti ya chumba kikubwa, ya mwisho kwa sauti ya madhabahuni. Wahubiri huona hili ni la waimbaji, ilhali wao ndio wanaotoka kimya hadi kelele kwa sentensi moja.

Kwa ibada ya saa 1 Jumapili, amka saa 11 alfajiri. Mtu akilala nyuzi hujaa majimaji kidogo, ndiyo maana sauti ya alfajiri ni nzito. Inahitaji saa moja au mbili za kuwa wima na kuzungumza polepole. Na wimbo wa ibada hiyo mwambie mpiga kinanda aushushe toni nzima. Kama Jumamosi Doh ilikuwa G, saa 1 iwe F. Hakuna muumini atakayejua.

Hatua ya 4: Fanya urafiki na fundi mitambo

Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila mwanakwaya analijua mwilini: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Hutaweza kulishinda kwa nia njema. Dawa ni kujisikia. Omba monita iwe mbele yako ikikutazama, sauti yako iwe juu ya kinanda na ngoma humo. Wakati wa kujaribu maiki usiseme "halo, moja, mbili" kwa upole. Hubiri nusu dakika kwa sauti utakayotumia, kisha shuka chini kabisa, fundi aone pande zote mbili. La sivyo ataweka kwa upole wako, na ukianza kupaza atapunguza, nawe utapaza zaidi.

Maiki ya mkononi ikae vidole viwili hadi vinne kutoka mdomoni, na usiifumbate kichwa chake. Ukiifumbata sauti inafubaa na mluzi unaanza. Uwanjani jenereta liwe mbali, na jukwaa liupe upepo mgongo, vumbi lisije usoni.

Mahubiri yenyewe yapangie kilele. Dakika kumi za kwanza hubiri kwa sauti ya mazungumzo, kilele kiwe kimoja au viwili, na baada ya kila kimoja mpe mtu mwingine asome andiko, au waachie watu waitikie. Mkalimani ni zawadi kwa koo lako ikiwa utanyamaza anapotafsiri. Tatizo ni kwamba wawili hawa hupandishana: wewe unapaza, naye anapaza, nawe unajibu juu yake. Kabla ya mkutano kubalianeni kwamba yeye abaki chini yako kidogo, na usiingie kabla hajamaliza.

Hatua ya 5: Saa zilizo katikati

Hapa ndipo wikendi huharibika kimyakimya. Ibada imekwisha, mtumishi anasimama mlangoni kusalimia watu mia mbili huku kwaya inaendelea nyuma yake. Kisha anapanda gari, madirisha wazi, anasimulia ibada juu ya mlio wa injini. Usiku anakula pilau na nyama choma saa 5, analala saa 5 na nusu.

Kati ya ibada na ibada Jumapili fanya hivi: toka kwa mlango wa nyuma, kunywa glasi ya maji, piga mrija dakika tatu kwa sauti inayoshuka tu, kula ndizi au mkate, nyamaza kwa muda uliobaki. Kunyamaza si kunong'ona. Wengi wakinong'ona hukaza koo kuliko wakizungumza chini, kwa hiyo ukilazimika kusema, sema kwa sauti ndogo ya kawaida. Usikohoe kusafisha koo. Kila kukohoa ni kugongesha nyuzi kwa nguvu, na ute unarudi baada ya dakika moja. Meza mate, kunywa funda, au toa "hm" nyepesi.

Baada ya kesha lala Jumamosi asubuhi hadi usingizi uishe, simu ikiwa kwa mtu mwingine. Jumamosi usiku kula mapema, angalau saa tatu kabla ya kulala, maana tindikali ya tumbo ikipanda usiku huchoma koo, na unaamka na sauti ya kukwaruza, uchungu kooni na hamu ya kukohoa. Chakula kikichelewa kwa wenyeji, kula kidogo. "Mama, asante sana, naomba unitunzie, kesho baada ya ibada nitakula chote" ni jibu linalopokelewa vizuri kuliko kukataa. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara aweke matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kinyanyuke sentimita 15 hivi. Kurundika mito hakufai, kunakunja tumbo.

Hatua ya 6: Pima Jumapili alfajiri, kisha amua

Alhamisi, sauti ikiwa nzima, chagua mstari mmoja wa pambio fupi, uimbe juu na kwa udogo kabisa, kama usiyetaka kumwamsha mtoto. Panda nusu toni nusu toni hadi sauti igome, uandike ni noti gani. Jumapili alfajiri, baada ya mrija, rudia. Kwa nguvu nyuzi zilizovimba bado huimba, kwa udogo haziwezi kujificha: sauti huchelewa kuanza, hewa hutangulia, au inakatika mapema.

Ikigoma nusu toni au toni moja chini ya alama yako, endelea na mpango. Ikigoma toni mbili au tatu chini, hubiri dakika 20, usiimbe, na ibada ya katikati mpe mtu mwingine, ili koo lipate saa mbili kati ya ya kwanza na ya tatu. Ikiwa hakuna sauti ndogo kabisa, simama leo.

Kuna hali zisizohitaji kipimo. Sauti iliyokatika ghafla katikati ya kelele moja inaweza kuwa mshipa umepasuka ndani ya uzi. Nyamaza kabisa, na umwone daktari wa masikio, pua na koo, hata kama haiumi. Damu kwenye makohozi au kupumua kwa shida ni hospitali siku hiyohiyo.

Na usimruhusu mtu akukimbize duka la dawa. Vidonge vya steroidi hushusha uvimbe na kukurudishia sauti kwa saa chache, na kwa saa hizo unapiga nyuzi zilizojeruhiwa bila kujua. Ni dawa za kupewa na daktari aliyeziona nyuzi zako. Aspirini huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Dawa za mafua zinazoleta usingizi hukausha koo. Pipi za mentholi hutia ganzi, na koo lenye ganzi halikuambii limefika mwisho.

Jumatatu usifanye mazoezi ya kwaya. Jumatano rudia kipimo cha sauti ndogo. Kwa wengi alama ya Alhamisi itakuwa imerudi. Ukwaruzaji ukipita wiki 3, nenda kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Bugando ipo kwa watu wa Mwanza, Muhimbili kwa Dar es Salaam, KCMC kwa Moshi. Daktari anaweza kupitisha kamera nyembamba puani, na kuangalia ni suala la dakika chache. Mwambie kazi yako ni kuhubiri au kuimba, na umpe ile karatasi ya dakika.